Mvumo wa Noti Moja: Hoja Kuhusu Utunzi wa Rifu ya Gitaa la Jangwani

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii, ijapokuwa haitamkwi, ndiyo hukumu inayotolewa mara kwa mara dhidi ya muziki wa gitaa wa Watuaregi, wakaazi wa Jangwa la Sahara. Msikilizaji aliyezoea nyimbo ambazo kodi zake (kodi za gitaa, si zile za serikali) hubadilika kila baada ya mapigo manne, hushangaa kusikia wimbo mzima ukikaa juu ya noti moja inayovuma tangu mwanzo hadi tamati. Huuliza: muziki wenyewe uko wapi? Na anapojaribu kutunga rifu ya namna hiyo, huingiwa na hofu ya ufukara, akaanza kuujaza uwanja kwa noti nyingi na kuvuta nyuzi kila anapopata nafasi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hofu hiyo haina msingi, kwa sababu noti moja inayovuma si noti moja. Ndani yake zimo noti nyingine zilizofichamana, na kazi ya mtunzi wa rifu ni kuzijibu hizo. Aidha, anayelielewa jambo hili ataona kuwa katika rifu fupi kuvuta uzi mara moja kunatosha, tena kwa kiasi kidogo sana.

Kabla ya kuingia katika utunzi wenyewe, inafaa kueleza muziki huu ulikotoka. Kundi la Tinariwen, ambalo ndilo lililoueneza duniani, lilianza mwaka 1979 huko Tamanrasset, kusini mwa Aljeria. Kiongozi wake, Ibrahim Ag Alhabib, ni mzaliwa wa kaskazini mwa Mali ambaye babake aliuawa mwaka 1963 wakati wa uasi wa Watuaregi. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza utotoni kwa mkebe, kijiti na waya wa breki za baiskeli. Jina la kundi, katika Kitamasheki, ni wingi wa neno lenye maana ya jangwa. Mwanafunzi wa lugha atavutiwa zaidi na jina walilopewa vijana wa kizazi hicho: ishumari, neno linalotokana na lile la Kifaransa la mtu asiye na kazi. Vijana hao walizunguka Aljeria na Libya wakitafuta ajira, na lugha yao ikalichukua neno la kudharauliwa na kuligeuza kuwa jina la muziki.

Hata hivyo, gitaa liliwakuta Watuaregi wakiwa na ala zao. Ipo imzadi, ala ya uzi mmoja wa manyoya ya farasi uliotandazwa juu ya kibuyu kilichowambwa ngozi, ambayo hupigwa kwa upinde na wanawake pekee. Msomaji aliyewahi kusikia orutu ya Waluo atapata picha ya sauti yake bila taabu, ingawa ala hizo mbili zina desturi tofauti. Ipo pia tende, ngoma inayotengenezwa kwa kuwamba ngozi juu ya kinu, nayo huandamana na makofi na sauti za wanawake. Imzadi haina freti. Kidole huteleza juu ya uzi kikatafuta sauti kinapoitaka. Gitaa lina freti, yaani vile vyuma vilivyoigawa shingo katika hatua za nusu toni, na vyuma hivyo humnyima mpigaji uhuru alio nao mwanamke mwenye imzadi. Kuvuta uzi kwa kidole ndiyo njia ya kuurudisha sehemu ya uhuru huo. Yafaa hili likumbukwe, kwa maana litaamua baadaye uzi uvutwe kiasi gani.

Kuhusu istilahi, kuna wanaopendekeza rifu iitwe kibwagizo. Pendekezo hilo lina mvuto lakini halifai. Kibwagizo katika ushairi hurudi mwishoni mwa ubeti, baada ya mengine kusemwa. Rifu hairudi kwa sababu haikuondoka. Yenyewe ndiyo ardhi ambayo mwimbaji huitembelea. Ni afadhali neno rifu libaki lilivyo. Kwa noti inayoendelea kulia chini ya nyingine, Kiswahili kinalo neno tayari: mvumo. Upepo huvuma, nyuki huvuma, na uzi mnene wa gitaa ukiachwa wazi huvuma vivyo hivyo.

Sasa na tutazamwe mvumo wenyewe. Gitaa likisawazishwa kwa njia ya kawaida, uzi wa tano ukiachwa wazi hutoa A ya mitetemo 110 kwa sekunde. Lakini uzi hautetemi kwa urefu wake wote tu. Wakati huohuo hutetema kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, kwa khumusi zake, na kuendelea. Nusu hutoa A ya juu, yenye mitetemo 220. Theluthi hutoa E, mitetemo 330. Robo hutoa A nyingine. Khumusi, na hapa ndipo penye siri, hutoa mitetemo 550, ambayo ni C-shapu, yaani C iliyopandishwa takriban nusu toni.

Anayetilia shaka anaweza kujithibitishia. Auguse uzi wa tano bila kuubana, karibu kabisa na chuma cha freti ya nne, kidogo upande wa kichwa cha gitaa, kisha aupige na kuondoa kidole. Atasikia sauti nyembamba kama ya kengele. Hiyo ndiyo C-shapu, na haikuletwa na kidole. Ilikuwamo ndani ya A muda wote. Kidole kimenyamazisha zile nyingine tu.

Skeli maina ya noti tano inayoanzia A ina A, C, D, E na G. Zikiwekwa juu ya mvumo huu, noti hizo tano hazina hadhi sawa. A na E ni wenyeji: mvumo tayari unazitamka, hivyo zikipigwa huyeyuka ndani yake na sikio hutulia. C, D na G ni wageni. Kila mmoja wao huleta wasiwasi fulani, na sikio husubiri kuona ataelekea wapi. Kwa hiyo utunzi wa rifu, hata kabla ya kuvuta uzi wowote, ni kupanga safari ya wageni kurejea kwa wenyeji. Mtunzi anayemaliza sentensi yake kwa D ameacha swali. Anayemaliza kwa A amejibu. Ni jambo ambalo mwanafunzi wa ushairi analijua kutokana na vina: kina cha mwisho hakipendezi kwa sauti yake pekee bali kwa kuwa sikio lilikuwa likikingoja.

Kutokana na mgawanyiko huu hutokea kanuni ya kwanza ya kuvuta: wenyeji wasivutwe. E ikivutwa kidogo huachana na E iliyo ndani ya mvumo, na sauti mbili zilizo karibu mno lakini zisizolingana huanza kupapatika. Msikilizaji hatasema kuwa mpigaji ana hisia nyingi. Atasema gitaa halikusawazishwa. Anayestahili kuvutwa ni mgeni, na miongoni mwa wageni, C ndiye mwenye safari ya maana.

Safari hiyo inastahili kuelezwa polepole. C inayopatikana kwenye uzi wa tatu, freti ya tano, ina mitetemo karibu 262 kwa sekunde. Ikivutwa hadi 264, ongezeko dogo ambalo kidole hakilihisi, C hiyo hulingana vyema zaidi na mvumo: huzuni inabaki lakini ukwaruzo unapungua. Ikiendelea hadi karibu 269, imefika robo toni, nusu ya njia kati ya C na C-shapu. Hapa si maina wala si meja. Masikio ya mtu wa pwani aliyelelewa na taarabu hayatashtuka, kwa kuwa udi na fidla zimeyazoesha sauti zilizo kati kwa kati namna hii. Ikifika 275, C imekuwa C-shapu kamili. Imekutana na ile iliyofichwa ndani ya mvumo, imetulia, na huzuni imetoweka.

Basi nguvu ya rifu hii imo katika kuikaribia 275 bila kuifikia. Mvumo unamwita mgeni aingie, naye anasogea hadi mlangoni, anasita, kisha anarudi. Mpigaji anayevuta hadi mwisho amemaliza hadithi mapema; anayevuka hadi D, kama wafanyavyo wapigaji wengi wa bluzi ya umeme ya Marekani, ameupita mlango bila kuuona. Haidhuru kuvuka hivyo katika bluzi ya Marekani, kwa sababu huko kodi zitabadilika na kumpa mpigaji mlango mwingine. Jangwani mlango ni mmoja.

Rifu ifuatayo inaonyesha hayo yote kwa vitendo. Ina mizunguko miwili, mmoja wa kuuliza na mwingine wa kujibu. Kila mzunguko una mapigo manne, na kila pigo limegawika mara tatu, hivyo kuna hatua 12. Mwendo huu wa kuyumba unashabihiana na mwendo wa ngamia, na ni heri uanzwe kwa mapigo yasiyozidi 90 kwa dakika. Kidole gumba cha mkono wa kulia hupiga uzi wa tano katika hatua ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, bila kukosa na bila kuongeza nguvu. Vidole vya mkono wa kushoto hukaa kati ya freti ya tano na ya saba, na huo uzi wa tano hauguswi kamwe.

Katika mzunguko wa kwanza, hatua ya 1 na ya 2 huachiwa mvumo peke yake. Hatua ya 3 hupigwa A, uzi wa nne, freti ya saba, kwa kidole cha pete. Hatua ya 4 hupigwa C, uzi wa tatu, freti ya tano, kwa kidole cha shahada, nayo huvutwa taratibu hadi karibu robo toni na kushikiliwa mpaka hatua ya 6. Hatua ya 7 hurudi A ileile. Ya 8 ni kimya. Ya 9 ni G, uzi wa nne, freti ya tano. Ya 10 ni A tena, inayoachwa ilie hadi ya 12.

Mzunguko wa pili nao huanza kwa mvumo mtupu. Hatua ya 3 hupigwa C, lakini safari hii haivutwi. Ya 4 ni D, uzi wa tatu, freti ya saba, hushikiliwa hadi ya 5. Ya 6 ni C, vilevile bila kuvutwa. Ya 7 ni A. Kisha melodia hunyamaza hadi mwisho wa mzunguko, na gumba huendelea peke yake katika hatua ya 10.

Mzunguko wa kwanza una C moja iliyovutwa. Wa pili una C mbili zilizonyooka. Ile iliyovutwa husikika kama swali kwa sababu tu zile zilizonyooka zipo. Iwapo zote tatu zingevutwa, sikio lingezoea robo toni hiyo kama noti ya kawaida na swali lingepotea. Tena, E haimo kabisa katika rifu hii, na wala haikosekani, kwa maana mvumo unaitamka. Baadhi ya wapigaji huona uchungu kuiacha noti nzima ya skeli bila kuitumia, kana kwamba wamelipia tano na kupewa nne. Wakitaka, waihifadhi kwa ajili ya mwimbaji.

Uteuzi wa kidole cha shahada kwa ajili ya kuvuta haukufanywa kwa bahati. Kidole hicho, kikivuta peke yake, ni dhaifu kuliko cha pete, na udhaifu huo ni faida: hukizuia kufika mbali. Uzi uvutwe kuelekea sakafuni, yaani upande wa nyuzi nyembamba. Anayeusukuma upande wa juu atakutana na uzi wa nne, na akizidisha atafika kwenye uzi wa tano na kuunyamazisha. Hivyo mvuto mkubwa una adhabu yake papo hapo: unaua mvumo ambao ndio uliokuwa ukiupa maana. Kwa gitaa lisilo la umeme, ambalo uzi wake wa tatu mara nyingi umezungushiwa waya, kazi huwa ngumu zaidi, lakini robo toni bado hupatikana kwa kidole kilichosimama wima.

Makosa matatu hujirudia, na kila moja lina dalili yake. La kwanza ni mvumo kukatika kila A inapopigwa, katika hatua ya 3, ya 7 na ya 10. Hapo ncha ya kidole cha pete imelala na kugusa uzi wa tano. Kidole kiinuliwe kwenye kifundo. La pili ni rifu kuchangamka ghafla katikati, kama wimbo wa arusi. Hiyo ni ishara kwamba C imevutwa hadi 275. Tiba yake ni kupiga ile kengele ya freti ya nne kwanza, kuisikia vizuri C-shapu inayotakiwa kukwepwa, kisha kuvuta tena na kusimama kabla yake. La tatu ni gumu kuligundua: mvumo wenyewe huonekana kama unapanda na kushuka. Gumba linapiga kwa nguvu mno. Uzi ukipigwa kwa kishindo, sauti yake hupanda kidogo mwanzoni kisha hushuka, na juu ya ardhi inayotikisika hakuna mvuto mdogo utakaosikika.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba Ali Farka Touré, mwana wa Niafunké nchini Mali aliyefariki mwaka 2006, alikuwa akishikilia kuwa bluzi ya Marekani ina mizizi kwao, na kwa hiyo hakuna sababu ya kuitenga mivuto mirefu ya Marekani na muziki huu. Mti na tawi ni kitu kimoja. Madai ya asili yanaweza kuwa ya kweli bila kufikia hitimisho hilo. Tawi lililokulia juu ya kodi zinazobadilika limejifunza mienendo ya kuishi huko. Mvuto wa toni nzima ulistawi mahali ambapo C ya leo itakuwa mgeni wa D katika mapigo manne yajayo. Kuurudisha juu ya mvumo usiobadilika ni sawa na kuuchukua msemo wenye ladha katika lahaja moja na kuupandikiza katika nyingine ambamo hauna kazi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: wapigaji wa Kituaregi wenyewe hawavuti sana. Akisikiliza kwa makini, mtu atagundua kuwa mapambo yao mengi hutokana na kugonga na kung'oa kidole juu ya uzi, A ikigeuka C na kurudi A kwa pigo moja la mkono wa kulia. Pingamizi hilo ni la haki, na linaipa nguvu hoja ya uchache badala ya kuidhoofisha. Katika rifu iliyoelezwa hapo juu, mpigaji anaweza kugonga D kutoka C katika hatua ya 4 ya mzunguko wa pili bila kuupiga uzi upya. Sauti italainika, na ule mvuto mmoja wa mzunguko wa kwanza utabaki bila mshindani.

Limebaki suala la G. Ndani ya mvumo imo G pia, inayotokana na uzi kutetema kwa subui zake, lakini G hiyo iko chini kidogo ya ile ya freti ya tano. Ili kuifikia, mpigaji angehitaji kuishusha noti, ilhali kuvuta huipandisha tu. Ndiyo maana G katika rifu hii imepigwa kwa ufupi na kuachwa ipite, bila kuvutwa wala kushikiliwa. Kwenye imzadi, mwanamke angetelezesha kidole chake nyuma kidogo na kuipata.